Kampanye ya michango kwenye entaneti: maneno ya kusoma mbele ya kubonyeza

Watu wa Kivu na Ituri wanajua likelemba. Kila mmoja anatoa, na kila mmoja anapokea siku yake ikifika. Kampanye ya kuchangisha feza kwenye entaneti iko na sheria ingine. Watu wasiojuana wanatoa feza kwa kazi ya mtu mmoja, na wengi wao wanangojea kutumiwa kitu ambacho kimeahidiwa. Hawakopeshi, na hawapate sehemu ya biashara. Kwenye Kickstarter, mojawapo ya kampani zinazojulikana zaidi katika kazi hii, ni marufuku kabisa kuahidi faida ya feza au sehemu ya kampani.

Ugumu ni kwamba masharti yake yameandikwa kwa Kingereza. Mtu anaweza kufikia lengo lake, kisha akajikuta na deni. Ili tuelewe vile inafikaka pale, tuchukue mfano wa fundi wa kushona wa Butembo anayetengeneza sakoshi za kitenge. Anataka kununua mashini mbili za kushona, zote pamoja dola 1.500.

Nani anaweza kufungua kampanye

Kongo haiko kwenye liste ya inchi ambazo Kickstarter inakubali. Mwenye kufungua kampanye sherti akuwe na miaka 18, aishi katika inchi iliyokubaliwa, na akuwe kule na adresi, konti ya benki na kitambulisho cha serikali. Feza inaingia kwenye konti ile ya benki. Haitumwi moja kwa moja kwa M-Pesa wala Airtel Money ya Butembo.

Tuseme dada ya fundi anaishi Amerika na anakubali kufungua. Kwa macho ya kampani, dada ndiye mwenye kampanye. Yeye ndiye atakayejibu kama sakoshi hazikufika, na ushuru wa Amerika pia unamuangalia yeye. Ndiyo maana wawili hao waandikiane mapatano mbele ya kuanza: nani anatuma nini, lini, na feza itapita njia gani. Ukurasa wa kampanye nao useme wazi kama kazi inafanyika Butembo.

Maneno ya kwenye ekrani

Goal ni lengo, ile feza inayotafutwa. Backer ni mchangiaji. Pledge ni ahadi yake ya kutoa: kadi yake ya benki haikatwi siku anapobonyeza, inakatwa siku kampanye inafunga, kama lengo limefikiwa.

All or nothing maana yake ni yote ao hakuna. Kama lengo ni dola 3.000 na imepatikana 2.900, hakuna mtu anakatwa, fundi hapate kitu, na kampani haichukue kitu. Kuna kampani zingine zinaachaka mtu abakie na kile kilichopatikana. Neno lake ni Flexible funding. Inaonekana tamu, lakini kwa fundi iko na hatari: akipata dola 900 tu, atapaswa kushona sakoshi zote alizoahidi, na mashini hana.

Reward ni zawadi, lakini mtu asidanganywe na neno hilo. Kwenye masharti ya Kickstarter, zawadi ni ahadi kati ya mwenye kampanye na mchangiaji. Kama ameshindwa kuitimiza, ni lazima aeleze feza ilitumika namna gani na arudishe ile iliyobakia. Estimated delivery ni mwezi ambao kitu kinatazamiwa kufika, na Limited inaonyesha kama zawadi iko na hesabu yake. Kama fundi anaweza kushona sakoshi 25 kwa mwezi, aandike mwezi na hesabu vinavyopatana na mikono yake.

Ngazi za zawadi

Zawadi hupangwa kwa ngazi, kufuatana na feza ambayo mtu anatoa. Ngazi ya chini, tuseme dola 5, ni ya mtu anayetaka tu kusaidia. Kosa la kawaida hapa ni kumuahidi karta ya shukrani ya karatasi: kuchapa na stempu vinaweza kukula nusu ya mchango. Picha ya atelie iliyotumwa kwa email inatosha.

Ngazi kubwa ya fundi ni dola 40 kwa sakoshi moja. Juu yake mchangiaji anaongeza dola 12 za kutuma. Kwa ujumla ni dola 52. Zile dola 12 nazo zinahesabiwa ndani ya lengo, na kampani inakata komisyo hata juu yake.

Hesabu ya kweli

Kwa kampanye ya Amerika, Kickstarter inachukua asilimia 5 ya feza yote. Kisha kuna Payment processing fee, malipo ya kupitisha feza ya kadi: asilimia 3, na senti 20 kwa kila mchangiaji. Michango iliyo chini ya dola 10 iko na kipimo chake: asilimia 5 na senti 5.

Fundi ameweka lengo la dola 3.000. Watu 60 wamechukua sakoshi, kila mmoja dola 52. Imepatikana dola 3.120. Lengo limefikiwa, furaha nyumbani.

Asilimia 5 ni dola 156. Kupitisha kadi ni dola 93,60, pamoja na dola 12 za zile senti 20. Inabakia dola 2.858,40. Sasa kitenge, zipu na kazi vinafika dola 14 kwa kila sakoshi: kwa 60 ni dola 840. Kupeleka mzigo kupitia Kasindi na Uganda mpaka kwa dada, kisha kuugawanya kwa posta, tuseme ni zile dola 12 kila sakoshi: dola 720.

Inabakia dola 1.298,40. Mashini ni 1.500. Kampanye imefaulu, mashini haijapatikana, na sakoshi 60 zinangojewa.

Kuanzia upande mwingine

Dawa ni kuanza na kile sakoshi moja inaacha. Kwenye dola 52, komisyo zote ni dola 4,36. Ukiondoa 14 za kushona na 12 za kutuma, inabakia dola 21,64. Ili kufikisha 1.500, inaomba watu 70.

Lakini siku ya kukata, kadi zingine zinakataa: feza haiko, ao kadi imeisha. Wenyewe wanapewa siku chache za kurekebisha, na asiyelipa anatoka kwenye hesabu. Kutuma feza toka Amerika mpaka Butembo pia kunalipishwa. Basi fundi ahesabie watu 75, na lengo lake linakuwa dola 3.900. Hata watatu wakikosa kulipa, inabakia karibu dola 1.558: mashini, na kidogo ya kutuma feza.

Pia feza haifike siku ileile. Kickstarter inangojea karibu siku 14 baada ya kufunga ndipo inaituma, kisha benki nayo inachukua siku zake. Asiyekuwa na feza ya kununua kitenge mbele asiahidi sakoshi kwa mwezi unaofuata.

Na jambo la mwisho: kufungua kampanye kwenye Kickstarter hakulipishwi, na komisyo inakatwa ndani ya feza iliyopatikana. Mtu akiandika kwenye WhatsApp kwamba ni wa kampani, na kwamba sherti dola 50 zitangulie ili kampanye ikubaliwe, huyo ni mwizi.