Chati ya Vinara

Jina hili nimelisoma mara tatu, miwani ikiwa puani, na bado limeandikwa vilevile: "mchoronguzo wa kipaumbele cha makosa kwa kanuni ya Pareto." Maneno tisa. Kamati iliyolizaa ilikutana Bungoma siku mbili, ikanywa chai mara nne kwa siku, na mimi niliyetoka Kitale kwa matatu ya alfajiri nilipewa dakika tano za kutetea neno langu. Kumbukumbu za kikao zinasema kwamba pendekezo langu "lilisikika". Nashukuru. Hata mbwa wa jirani husikika.

Chati yenyewe msomaji anaijua. Kasoro zilizoandikwa kwenye daftari la kiwanda huhesabiwa, kila aina ikasimamishiwa nguzo yake, nguzo ndefu kushoto na fupi kulia, kisha juu yake ukapita mstari unaojumlisha asilimia mpaka ufike mia. Ugomvi wangu si na chati. Ni na jina.

Nianze na huyo Pareto. Vilfredo Pareto, aliyezaliwa Paris mwaka 1848 na kufariki mwaka 1923, alikuwa mhandisi aliyegeuka mwanauchumi. Alifundisha Lausanne, na alichokichunguza ni namna mapato na mali zinavyorundikana kwa watu wachache. Hakuwahi kuchora kasoro za kiwanda. Aliyeichukua hoja ile akaipeleka kwenye udhibiti wa ubora ni Joseph Juran, na ni yeye aliyeibandika jina la Pareto katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1951. Mwaka 1975 Juran huyohuyo aliandika makala ya kukiri kwamba alikosea: Pareto hakudai kuwa kanuni yake inaenea kila mahali, na ule mstari wa kujumlisha ulitokana na mchoro wa Max Lorenz wa mwaka 1905. Kwa hiyo jina hili limekanwa na mwenye kulitoa. Sisi, nusu karne baadaye, tunalipokea kwa mikono miwili na kuliongezea maneno manane.

Neno ninalolitetea ni *chati ya vinara*, na kasoro iliyo mbele ya zote ni *kasoro kinara*.

Kinara na mnara ni ndugu wa tumbo moja. Mnara umetoka kwenye Kiarabu *manara*, mahali pa nuru, palipowashwa moto au taa ili wa mbali waone. Ukiuvua ule m- na kuuvika ki- ya udogo unapata kinara, yaani kimnara, na ndiyo maana kinara cha kwanza ni kile kinachosimamisha mshumaa au taa. Wasomaji wa Biblia wanakijua kinara cha taa. Kutoka hapo neno lilipanda kwa watu: kinara wa chama, kinara wa kundi, na kwenye kurasa za michezo timu zilizo juu ya jedwali ndizo vinara wa ligi. Sasa itazame chati. Nguzo zake ni minara midogo iliyopangwa kwa urefu, ya kwanza ndiyo inayoongoza, na kazi ya mchoro mzima ni kumulika. Umbo, cheo na nuru vimekutana katika neno moja ambalo halikuhitaji kikao.

Nimepingwa, na nitawajibu. Mhariri mmoja alisema kinara ni neno la sifa, haliwezi kubeba kasoro. Huyo hajasikia taarifa za polisi zikitaja kinara wa genge. Mwingine aliniuliza kwa kejeli kama ni "kinara wa kasoro" au "kinara cha kasoro", akidhani amenikamata kwenye ngeli. Ndiyo maana nasema *kasoro kinara*, nikampumzisha. Na yupo mwenzangu wa Bungoma, msomi ninayemheshimu kwa mambo mengine, anayependa "chati ya mafiga", kwa sababu eti kasoro kubwa huwa mbili tatu. Mafiga ni matatu yaliyo sawa. Yasipokuwa sawa chungu kinamwagika. Mtu anayeita mafiga chati ambayo kazi yake ni kuonyesha kutolingana hajapika, au hajachora.

Lakini neno lililoniuma zaidi katika yale tisa ni "makosa". Kosa lina mkosaji. Kasoro haina, asili yake ni Kiarabu *qusur*, upungufu, na bado tunaitumia hivyo tukisoma saa: saa tatu kasorobo ni saa tatu iliyopungukiwa na robo. Pakiti yenye kasoro imepungukiwa na kitu, basi. Mashine nayo ina hitilafu. Ukiandika "Daftari la Makosa" kwenye jalada, karani wa zamu anajua kila mstari anaoujaza una jina la mtu nyuma yake, naye ataandika machache, au atayaandika kwa majina ya kukwepa. Nilikiona hiki kwa macho.

Ilikuwa katika kinu kimoja cha unga wa mahindi huko Kitale, ambacho sitakitaja, kinachofunga pakiti za karatasi za kilo 2. Msimamizi aliniita nimsaidie kufupisha daftari la wiki moja. (Tarakimu nimezisawazisha kidogo ili hesabu isomeke.) Pakiti zilizokataliwa zilikuwa 240. Alikwisha kuchora chati yake, na iliyoongoza ilikuwa tarehe isiyosomeka, pakiti 72. Fundi wa mashine ya kupiga tarehe alikuwa njiani kutoka Eldoret.

"Mwalimu, si ndivyo chati inavyosema?" aliniuliza.

Nililisoma daftari lenyewe. Karani mmoja aliandika "gundi imeachia" mara 41. Wa pili aliandika "mdomo wazi" mara 33. Wa tatu, aliyewahi kukaripiwa kwa kumwaga gundi na kwa hiyo hakutaka kulitaja neno gundi kabisa, aliandika "inavuja juu" mara 22. Tulizitoa pakiti kwenye pipa la zilizokataliwa, tukazipanga mezani: ilikuwa kasoro moja. Mdomo wa pakiti haukushika. Jumla yake 96.

Hapo nguzo zilipangika upya. Mdomo kuachia 96, tarehe kutosomeka 72, uzito pungufu 30, karatasi kuchanika 24, chapa kupinda 10, nyinginezo 8. Mstari wa kulimbika ukaanza asilimia 40, ukapanda 70, kisha 82.5, kisha 92.5, na kuendelea hadi mia. Nasema kulimbika kwa sababu ndilo neno la mtu anayengoja maji yajae kisimani kidogo kidogo. Kamati imependekeza "mkusanyikowiano", na hapo nitanyamaza. Nyinginezo hukaa mwisho kulia hata zikiwa nyingi. Zikiwa nyingi sana, ujue makarani wamechoka kutafuta majina.

Chati ilikuwa imedanganywa na visawe. Jina moja likigawanyika mara tatu, kasoro kinara hujificha katikati ya vijukuu vyake, na dalili yake ni chati iliyo bapa, nguzo zote zikikaribiana kimo. Ukiona hivyo usikimbilie kusema kiwanda hakina kinara. Rudi kwenye daftari uulize nani aliita nini nini, kisha jaribu kuzigawa kwa kitu kingine: mashine, zamu au saa.

Zile 96 tulizigawa kwa saa, na nyingi zilikuwa za kabla ya saa tatu asubuhi. Kitale iko juu, kama mita 1,900, na asubuhi zake ni baridi. Mashine ilitumia gundi ya kuyeyushwa kwa moto, na ilikuwa ikianza kufunga pakiti kabla tangi la gundi halijapata joto lake. Gundi ikitoka nzito hushika kwa dakika chache tu, halafu karatasi inaachia pakiti ikiwa tayari kwenye robota. Dawa yake ilikuwa kuwasha tangi mapema na kumkataza mtu kuanzisha mkanda kabla kipimo cha joto hakijafika alama. Fundi wa Eldoret alikunywa chai akarudi.

Kuhusu matumizi, kwa haraka: Excel ina chati hii tayari tangu toleo la 2016, chini ya jina `Pareto`. Anayetaka kuuchora mstari kwa mkono apange idadi kutoka kubwa hadi ndogo kwenye safu ya B, kisha aandike kwenye C2 na kuivuta hadi C7:

```
=SUM(B$2:B2)/SUM(B$2:B$7)
```

Na asihesabu pakiti peke yake ikiwa zinagharimu tofauti. Pakiti iliyoachia mdomo hupakwa gundi tena. Tuseme ni shilingi 3, mara 96, yaani 288. Iliyochanika humwaga unga sakafuni, na unga wa sakafuni huishia kwenye chakula cha mifugo. Tuseme hasara ni shilingi 60, mara 24, yaani 1,440. Kwa idadi, kuchanika ni ya nne. Kwa shilingi, kati ya hizi mbili, yenyewe ndiyo kinara. Chati mbili, daftari moja, na zote mbili ni za kweli. Kwa hiyo kipimo kiandikwe kwenye mhimili wa kushoto, wala si kuachiwa msomaji akisie.

Wiki iliyofuata msimamizi alinipigia simu akiwa amefadhaika. Mdomo kuachia ilishuka hadi 21, lakini tarehe, alisema, "imeharibika vibaya": wiki jana ilikuwa asilimia 30, sasa ni karibu 44. Nilimwomba anisomee idadi. Tarehe kutosomeka zilikuwa 70, na pakiti zote zilizokataliwa 160. Za tarehe zilipungua mbili. Nguzo haikurefuka, jirani yake ndiye aliyeporomoka, na jumla ikapungua naye. Nikamwambia azichore wiki zote mbili kwenye karatasi moja, kwa kipimo kimoja cha idadi, asilimia aziache kwanza.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni kama ligi. Ameongoza kwa sababu yule mwingine amefungwa."

Neno ligi lilitoka kinywani mwake, si mwangu. Mimi nilikuwa sijamwambia bado kwamba chati yake inaitwa ya vinara.