Maji ya Farumi: Safari ya Siri ya Viumbe vya Bahari Kupitia Bandari Zetu

Ukisimama Coco Beach, Kinondoni, na kutazama baharini, mara nyingi utaziona meli zimetia nanga nje ya bandari ya Dar es Salaam zikisubiri zamu. Mwenye mazoea na bahari huzisoma kwa tumbo. Iliyozama sana ina mzigo, pengine mafuta, ngano au mbolea. Inayotoka ikiwa imeinuka, rangi ya tumboni ikionekana, imeshusha. Lakini hata hiyo iliyoshusha haiendi tupu. Imejaza matangi yake maelfu ya tani za maji ya bahari yetu, pamoja na kila kilichokuwa kikiishi ndani yake.

Maji hayo ni farumi. Zamani chombo kisicho na shehena kilitiwa mawe au mchanga ili kisipinduke, na kazi hiyo ilikula siku na nguvu za watu. Meli za chuma zilipoenea katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, pampu ilichukua nafasi ya mabega na maji yakachukua nafasi ya mawe. Meli kubwa ya mafuta inayosafiri bila mzigo inaweza kubeba maji yanayokaribia theluthi ya uwezo wake: ikiwa ni ya tani 100,000, farumi yake ni kama tani 30,000. Inaponyonya maji hayo bandarini hunyonya pia vijimea visivyoonekana kwa macho, mayai ya samaki, bakteria, na watoto wa kaa na kome ambao bado wanaelea.

Dalili ya kwanza ilionekana mapema. Mwaka 1903 kijimea cha bahari za Asia kilizaliana kwa wingi katika Bahari ya Kaskazini, Ulaya, na miaka michache baadaye mwanasayansi wa Denmark, Ostenfeld, aliandika kwamba huenda kililetwa na meli. Ilichukua karibu miaka 80 dunia kushtuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mnyama laini anayefanana na yavuyavu, mwenyeji wa pwani za Amerika, alifika Bahari Nyeusi. Alikula chakula cha dagaa, akala na mayai yao. Kufikia mwisho wa muongo huo uvuvi wa dagaa wa huko ulikuwa umeporomoka.

Dawa iliyopendekezwa kwanza ilikuwa kubadilisha maji njiani. Kiumbe wa bandarini amezoea maji ya kina kifupi na hawezi kudumu katika kilindi, na wa kilindini naye hadumu bandarini. Kwa hiyo meli itoe maji ya bandari ikiwa katikati ya bahari, ichukue ya huko. Mkataba wa kimataifa uliopitishwa London Februari 2004, ukaanza kutumika Septemba 8, 2017, ulitaka kazi hiyo ifanyike angalau maili 200 za baharini kutoka nchi kavu, penye kina cha mita 200 au zaidi. Ikishindikana, umbali usipungue maili 50, kina kikiwa kilekile. Asilimia 95 ya maji ya tangi ilibidi yawe yamebadilishwa.

Hapo ndipo hesabu inapoleta ugumu. Njia ya kawaida ni kusukuma maji mapya tangini huku ya zamani yakifurika nje. Maji mapya huchanganyika na ya zamani, kwa hiyo sehemu ya mapya nayo hutoka. Ukisukuma kiasi cha tangi zima mara moja, kama asilimia 37 ya maji ya zamani hubaki. Ukirudia, hubaki karibu 14. Ni baada ya mara ya tatu ndipo inabaki 5, na ndiyo sababu mkataba ulikubali mizunguko mitatu. Hata hivyo asilimia hiyo ni ya maji, si ya viumbe. Chini ya tangi hutuama tope, na humo kuna vijimea vilivyojifungia katika ganda gumu vikisubiri mazingira mazuri.

Njia ya pili, ya kumwaga tangi lote kisha kulijaza upya, ina hatari yake. Julai 2006 meli ya magari iitwayo Cougar Ace ilikuwa ikitoka Japani kuelekea Amerika ya Kaskazini. Ikiwa inabadilisha farumi kusini mwa visiwa vya Alaska, ililala ubavu ghafla. Mabaharia wote 23 waliokolewa na meli haikuzama, lakini zaidi ya Mazda 4,700 zilizokuwamo zikaishia kuvunjwavunjwa.

Mkaguzi anawezaje kujua kama maji yalibadilishwa kweli? Anaanza na daftari la farumi, linaloonyesha tangi gani lilijazwa wapi na lini. Kisha anapima chumvi. Maji ya kilindi yana karibu gramu 35 za chumvi kwa kila kilo moja. Yale ya Ghuba ya Uajemi hufika 40 hivi, na ya bandari inayopokea mito huwa pungufu. Meli inayosema ilibadilisha farumi yake katikati ya Bahari ya Hindi, halafu kipimo kikatoa 40, ina la kueleza. Lakini bandari ikiwa na chumvi inayolingana na ya kilindi, kipimo hicho hakisemi kitu.

Kuna pia meli zinazotembea pwani tu. Kutoka Mombasa hadi Tanga au Dar es Salaam, hakuna mahali njiani palipo maili 200 kutoka nchi kavu, na mkataba haukuilazimisha meli kugeuza njia ili ipatafute. Mgeni akishapata makazi katika bandari moja ya mwambao huu, anaweza kuhamia ya jirani kwa safari ya siku moja.

Lakini ili kuelewa nafasi ya Dar es Salaam, lazima tujue farumi inaelekea upande gani. Meli hunyonya maji pale inaposhusha mzigo, na huyamwaga pale inapopakia. Bandari yetu hupokea mafuta na nafaka nyingi kuliko shehena nzito inayopakiwa hapa. Kwa sababu hiyo meli za mafuta zinazoshusha Kurasini na Mjimwema huondoka na maji yetu kuyapeleka kwingine. Msasani na Kunduchi, pamoja na visiwa vya hifadhi vya Mbudya na Bongoyo, viko karibu na njia ya meli, ila sehemu kubwa ya farumi hapa hupakiwa badala ya kumwagwa.

Saldanha, Afrika Kusini, ni kinyume chake. Tangu 1976 imekuwa ikipakia madini ya chuma, na meli kubwa huingia zikiwa zimejaa farumi tu. Mwaka 1979 kome wa Bahari ya Mediterania aligunduliwa huko, na meli ndizo zinazoshukiwa kumleta. Baadaye alienea zaidi ya kilomita 2,000 za pwani na kuwasukuma kome wa asili kutoka katika miamba yao. Leo watu wanamla na kumfuga kibiashara, lakini hakuna tena anayezungumzia kumwondoa. Wakazi wa Kinondoni wanalielewa jambo hilo kupitia kunguru weusi, waliopelekwa Zanzibar miaka ya 1890 wakale takataka, wakaenea hadi huku, na ambao kampeni za sumu na mitego hazijaweza kuwamaliza.

Tangu Septemba 8, 2024, meli zinazobanwa na mkataba hazitegemei tena kubadilisha maji. Zinatakiwa kuyatibu, kwa kawaida kwa kuyachuja na kuyapitisha penye mwanga wa urujuanimno, au kwa kutumia umeme kugeuza chumvi yake kuwa klorini. Yanapomwagwa, kila mita moja ya ujazo lazima iwe na viumbe hai chini ya 10 wa ukubwa wa kuanzia sehemu moja ya ishirini ya milimita. Mashine hizi nazo zina udhaifu. Wakati wa masika mito ya Kizinga na Mzinga, inayopita Temeke, hushusha tope katika mkono wa bahari wa bandari. Maji ya tope huziba vichujio na kuzuia mwanga usivifikie viumbe vyote.

Mwelekeo wa farumi hapa nchini umeanza kubadilika. Mtwara imeanza kupakia makaa ya mawe ya Ruvuma, na meli za kubeba makaa hufika bila shehena. Chongoleani, Tanga, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na kila meli itakayokuja kupakia mafuta hayo itamwaga farumi yake huko au karibu na huko. Orodha ya viumbe wa asili wa bandari hizo mbili ina faida ikiandikwa kabla ya wageni, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayeweza kuthibitisha ni kome gani alikuwepo na ni yupi aliletwa.