Umebadilisha jina la wimbo lakini simu bado inasoma "Track 01"? Tatizo ni tagi

Umebadilisha jina la faili la wimbo wa Bi Shakila, unafungua programu ya muziki, unakuta bado imeandika "Track 01" na "Unknown artist". Simu yako ni nzima. Wimbo wa MP3 una majina mawili: la nje, yaani jina la faili, na la ndani, linaloitwa tagi. Programu nyingi za muziki husoma tagi kwanza. Ndiyo maana ukibadilisha la nje peke yake, kwenye orodha huoni tofauti.

Kwa wapenzi wa taarabu ya zamani ya Tanga, hili si suala la urembo. Nyimbo za Black Star na Lucky Star zimetoka kwenye santuri na kanda, zikapita vibanda vya kuingiza nyimbo, kisha WhatsApp. Mara nyingi jina hilo ndilo jambo pekee linalokuambia nani aliimba. Ukilifuta kwa bahati mbaya, umepoteza.

Jua kwanza ukweli uko wapi

Hamishia folda ya nyimbo kwenye kompyuta na utengeneze nakala ya pili ya akiba. Kisha ifungue kwa Mp3tag, programu ya bure kwa Windows. Itakuonyesha jina la faili na tagi kwenye mstari mmoja, na hapo utaona lipi lina habari za kweli.

Wimbo uliotumwa WhatsApp kama sauti hupewa jina kama `AUD-20240312-WA0007.mp3`. Jina la nje limekufa, ila tagi huenda bado ipo. Hapo unatoa habari kwenye tagi kwenda kwenye jina. Wimbo wa kibandani mara nyingi ni kinyume: tagi tupu, jina la faili limeandikwa. Ukikosea mwelekeo, unaandika takataka juu ya habari nzuri.

Mfano hatua kwa hatua

Tuseme una faili hili, na tagi yake ni tupu:

```
01-macho_yanacheka-shakila.mp3
```

Chagua faili zote zenye mpangilio kama huo, nenda `Convert`, kisha `Filename - Tag`, uandike:

```
%track%-%title%-%artist%
```

Kabla hujakubali, angalia mfano wa matokeo unaoonekana kwenye dirisha hilohilo. Kama jina la wimbo lina kistari katikati, litakatika vibaya na nusu yake itaingia sehemu ya mwimbaji. Faili la namna hiyo liache, ulijaze kwa mkono.

Sasa safisha tagi. Ondoa vistari vya chini na uweke herufi kubwa panapostahili. Kisha angalia mwimbaji: ukiwa na "Shakila", "Bi Shakila" na "SHAKILA SAIDI", simu itahesabu waimbaji watatu. Chagua faili hizo zote kwa pamoja, andika jina moja kwenye kisanduku cha `Artist` upande wa kushoto, hifadhi kwa Ctrl+S. Visanduku vyenye `< keep >` usiviguse. Maana yake kila faili libaki na lake.

Bi Shakila aliimba na zaidi ya kundi moja. Kama hujui rekodi ni ya kundi gani, acha sehemu ya kundi wazi. Ukibahatisha, atakayepokea wimbo kutoka kwako ataamini.

Tagi zikishakaa sawa, rudi `Convert`, chagua `Tag - Filename`:

```
%artist% - %title%
```

Faili litakuwa `Shakila - Macho Yanacheka.mp3`, na ndani litasoma hivyohivyo.

Panapokwama

Ukiwa na rekodi mbili za wimbo mmoja, haziwezi kuwa na jina moja ndani ya folda moja. Ongeza tofauti kwenye tagi ya jina, mfano "(rekodi ya 2)", kabla ya hatua ya mwisho.

Jina refu likikatika kwenye herufi ya 30, unasoma tagi ya aina ya zamani, ID3v1, ambayo haibebi zaidi ya hapo. Andika jina kamili upya, uhifadhi kama ID3v2.

Ukirudisha nyimbo kwenye simu, futa zile za zamani kwanza, la sivyo utaziona mara mbili. Orodha ulizopanga mwanzo huenda zisizione, kwa kuwa nyingi hufuata jina la faili. Itabidi uzipange upya.

Na ukimtumia mtu WhatsApp, tuma kama `Document`. Jina ulilolihangaikia litafika kama lilivyo.