Asaba, yaani mrithi wa baki

"Asaba ni mimi," alisema mdogo wa marehemu, na jamvi zima likanyamaza. Ilikuwa Kiseke, uani, siku chache baada ya maziko. Mjane alikuwa ndani na mabinti zake wawili. Yule bwana hakusema uongo, kwa kuwa katika fiqhi ya Kisuni ndiye asaba kweli. Lakini waliokaa pale walisikia "mwenye mali", na mmoja akamuuliza kama nyumba ataiuza au ataipangisha.

Kosa hilo ni la zamani. Saad bin Rabii alipouawa Uhud, mwaka wa 3 Hijria, nduguye alichukua mali yote. Mjane akawapeleka mabinti zake wawili kwa Mtume kushtaki. Zikashuka aya za mirathi katika Surat An-Nisaa, na ami yao akaagizwa awape mabinti thuluthi mbili, ampe mama yao thumuni, na kinachobaki kiwe chake. Familia ile ilikuwa na watu walewale wa Kiseke: mjane, mabinti wawili na ndugu. Tazama pia mpangilio wa agizo: ami anatajwa mwisho.

Ndiyo sababu napendelea kumwita asaba "mrithi wa baki". Neno la Kiarabu lina maana ya jamaa wa kuumeni wanaomzunguka mtu, kwa hiyo humpa msikilizaji picha ya ukoo na ukubwa. "Mrithi wa baki" humweleza mtu zamu yake: husubiri wenye mafungu wamalize. Fungu nalo tuliangalie. Pale Mwaloni Kirumba mafungu ya samaki hupangwa yalingane, lakini fungu la mirathi ni sehemu iliyokwisha kukadiriwa, ndogo kwa huyu na kubwa kwa yule. Thumuni ni moja ya nane. Wazee waliozoea kuiita senti 50 sumni wasije wakadhani ni nusu.

Tufanye hesabu. Tuseme marehemu ameacha nyumba ya shilingi milioni 60, na mtumbwi, injini na nyavu za milioni 24. Vya mjane mwenyewe, alivyonunua kwa biashara yake ya dagaa, vimeshatengwa; si mirathi. Jumla ni milioni 84. Gharama za maziko na madeni ni milioni 12, pamoja na mahari ambayo mume hakuimaliza, maana hiyo ni deni kama deni la mafuta ya injini. Wasia hakuacha. Zinabaki milioni 72.

Namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 8 na kwa 3 ni 24, basi tunaikata mali sehemu 24, kila sehemu milioni 3. Mjane ana thumuni, sehemu 3, yaani milioni 9. Mabinti wana thuluthi mbili, sehemu 16, kila mmoja milioni 24. Sehemu 19 zimekwisha kutoka. Zilizobaki ni 5, milioni 15, na hizo ndizo za ndugu.

Kama bado unadhani hizo 5 ni fungu lake, badilisha familia uone. Angekuwapo binti mmoja tu, angechukua nusu, sehemu 12, na ndugu angepata 9. Mama wa marehemu angekuwa hai pamoja na mabinti wawili, angechukua sudusi, sehemu 4, na ndugu angebakiwa na sehemu 1. Angekuwapo mtoto wa kiume, ndugu asingepata kitu. Katika hali zote hizo mjane yuko palepale kwenye sehemu 3. Lake ni fungu. La ndugu ni baki.

Kiswahili kina mtego mwingine katika neno "ndugu". Huku kwetu hata binamu ni ndugu. Anayechukua baki hapa ni ndugu wa baba na mama mmoja, au, asipokuwapo, wa baba mmoja. Wa mama mmoja tu huzuiwa na mabinti, hata kama ndiye aliyelea familia. Kwa Mashia Ithnaashari hata ndugu wa baba na mama hapati kitu, kwani mabinti huchukua chote baada ya thumuni. Na kama marehemu ni Mkristo na mahakama ikatumia Sheria ya Urithi ya India ya 1865, mjane hupata theluthi, watoto theluthi mbili, ndugu hana kitu.

Pale jamvini shehe aliandika 3, 16 na 5 kwenye daftari la shule, akalisogeza kwa yule bwana. Alilitazama kwa muda. Binti mkubwa alikuwa ameshatoka, amesimama mlangoni.

"Baba mdogo," alisema, "kabla ya hizo, tuanze na mahari ya mama."

Yule bwana alichukua kalamu, akaiandika juu kabisa ya ukurasa.