Mume apenda wageni, mke ataka utulivu: Jinsi ya kugawana wikendi bila ugomvi

Ni saa moja jioni, siku ya Ijumaa. Mume anafungua mlango wa nyumba yake ya kupanga mtaani Umoja, Nairobi, akiandamana na wenzake wawili wa kazini. Mkewe, aliyeingia nusu saa awali, anawaamkua kwa heshima, anawaandalia chai, kisha anarejea jikoni na haonekani tena.

Wageni wanapoaga saa nne usiku, maneno yanaanza. “Mama watoto, umewaaibisha wageni wangu,” mume analalamika. “Baba watoto, ungenipigia simu hata ukiwa ndani ya matatu,” mke anajibu. Hakuna anayelala akiwa ameridhika.

Wawili hawa ni mfano tu, lakini ugomvi wao unajulikana katika nyumba nyingi. Mmoja ni mpenda watu, ambaye hupata nguvu akiwa katika mazungumzo na vicheko. Mwenzake ni mpenda faragha, ambaye watu humchosha hata akiwa anawapenda, na ambaye hurejesha nguvu zake akikaa kimya.

Aliyeueneza mgawanyo huu ni daktari wa nafsi kutoka Uswisi, Carl Gustav Jung, katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1921. Jung hakuwa mgeni kabisa kwa Kenya, kwani mwishoni mwa 1925 alisafiri hadi Mlima Elgon na kukaa huko kwa wiki kadhaa. Kwa maoni yake, tofauti kuu baina ya watu hawa ni upande ambao nguvu za nafsi huelekea: kwa mmoja huelekea nje, kwa watu na mambo, na kwa mwingine huelekea ndani, kwa fikira zake mwenyewe.

Wataalamu waliomfuata wameonyesha kwamba watu wengi wako katikati, na kwamba ni wachache wanaosimama kwenye ncha za mstari huo.

Ni vyema kutofautisha faragha na haya. Mwenye haya hutamani kujiunga na wenzake lakini huogopa watakavyomwona. Mpenda faragha anaweza kuhutubia mkutano bila kutetemeka, ila mkutano ukiisha hutaka kwenda zake. Ndiyo sababu mke katika mfano wetu, ambaye hufanya kazi ya kuhudumia wateja katika dirisha la benki, huwashangaza jamaa za mumewe. “Mbona kazini anaongea?” wao huuliza. Jibu ni kwamba kufikia Ijumaa jioni amekwisha kuongea na mamia ya watu, na hazina yake imekauka.

Mumewe naye ni mhasibu katika ghala moja, ambako hushinda na vitabu vya hesabu bila mtu wa kupiga naye gumzo. Yeye hufika Ijumaa akiwa na njaa ya watu. Hivyo basi, siku ile ile mmoja ameshiba na mwingine ana njaa, na kila mmoja anadhani mwenzake anafanya makusudi.

Kiasi kinachomtosha kila mtu

Mwaka wa 1984, mtafiti wa Marekani, Russell Geen, aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu zoezi gumu la kujifunza maneno huku wakisikia kelele masikioni, kila mmoja akijichagulia kiwango cha kelele hizo. Wapenda watu walichagua kelele za takriban desibeli 72. Wapenda faragha walichagua takriban desibeli 55, ambazo hazifiki hata sauti ya mazungumzo ya kawaida.

Kila kundi lilipofanya kazi katika kiwango lilichojichagulia, matokeo yalikuwa sawa. Geen alipowabadilishia, kila upande ukapewa kiwango cha mwenzake, wote wawili walifanya vibaya zaidi.

Funzo kwa mume na mke ni kwamba hakuna kiwango kimoja kilicho sahihi. Nyumba iliyo kimya Jumapili nzima humkera mpenda watu kama vile sebule iliyojaa wageni inavyomkera mwenzake.

Hata hivyo, mpenda faragha naye hukosea anapokadiria mambo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 na John Zelenski wa Kanada na wenzake ulionyesha kwamba watu wa aina hii, wakiulizwa kabla, hudhani watafurahia kuchangamka kidogo kuliko wanavyofurahia kwa kweli. Kwa hivyo, anayekataa kila mwaliko kwa sababu anajua utamchosha huenda anajinyima raha ambayo hakuitarajia.

Upande wa pili wa shilingi ulionekana Ufini katika utafiti wa mwaka wa 2017. Watafiti waligundua kwamba watu waliochangamka sana walijisikia vyema wakati huo, lakini saa chache baadaye walihisi uchovu. Jambo hili liliwapata hata wapenda watu. Kwa hivyo, mke anaweza kucheka na kucheza harusini adhuhuri, kisha jioni asiwe na neno la kusema, wala asiwe amedanganya katika mojawapo ya nyakati hizo.

Wikendi moja ilivyoharibika

Turejee Umoja. Baada ya wageni wa Ijumaa, Jumamosi alfajiri familia ilisafiri hadi Murang’a kwa sherehe ya mahari ya binamu ya mume. Walirudi saa mbili usiku. Jumapili, baada ya kanisa, wanachama wa chama cha mume walikuja kwa mkutano wa mwezi, na mke akapika chapati na nyama kwa watu 12. Wa mwisho aliondoka saa kumi na mbili jioni.

Usiku huo mke alikataa kuzungumza na yeyote, watoto wakiwemo. Mume aliuona ukimya huo kuwa dharau kwa ukoo wake. Mke naye aliona kwamba mumewe anawajali watu wote isipokuwa yeye.

Lakini ukitazama kwa makini, utaona kwamba shughuli hizo tatu hazikuwa na uzito sawa. Mahari ilikuwa wajibu, na kutohudhuria kungeleta lawama ya miaka. Mkutano wa chama ulikuwa zamu yao, nao ulijulikana mwezi mzima. Wageni wa Ijumaa walikuwa hiari tupu. Mke hakuchoshwa na mahari. Alichoshwa na kufika kwenye mahari akiwa tayari amechoka. Aidha, mzigo wa mapishi ulimwangukia peke yake, na mara nyingi kinachoitwa kuchukia wageni huwa ni kuchukia masufuria.

Hatua za kupatana

Hatua ya kwanza ni kuketi mapema, tuseme Jumatano usiku, na kuorodhesha yote yanayokuja. Ijumaa jioni haifai kwa mazungumzo haya, kwa sababu mmoja amechoka na mwingine ana hamu.

Hatua ya pili ni kuyapanga katika mafungu matatu. Fungu la wajibu lina matanga, mahari na wagonjwa wa karibu. Huko wote wawili huenda. Fungu la hiari lina mechi, sherehe za kuzaliwa na nyama choma na marafiki. Huko mpenda watu anaweza kwenda peke yake bila kununiwa, na mwenzake akabaki bila kuitwa mchoyo. Fungu la tatu ni wageni wa nyumbani, nao huhitaji ridhaa ya wote wawili, kwa kuwa nyumba ni ya wote.

Hatua ya tatu ni kukubaliana saa ya kuondoka kabla ya kutoka nyumbani. Mpenda faragha huvumilia mengi akijua mwisho wake. Anayetaka kubaki na abaki, na anayetaka kurudi awe na nauli yake mfukoni.

Katika mfano wetu, walikubaliana hivi: Ijumaa haitakuwa na mgeni asiyetajwa kabla ya saa sita mchana siku hiyo, mume atakutana na wenzake mkahawani Ijumaa mbili kwa mwezi, na baada ya shughuli yoyote ya kutwa, saa mbili zinazofuata ni za mke kupumzika chumbani, mume akiwa na watoto. Mkutano wa chama ukiwa kwao, mume ndiye anayenunua na kupika nyama. Mke naye aliahidi kukaa sebuleni saa nzima ya kwanza kila wanapokuja wageni, badala ya kujificha jikoni.

Mapatano yanapovunjika

Mtihani mkubwa ni mgeni anayefika bila taarifa, hasa jamaa kutoka mashambani aliyekuja kutafuta matibabu au kazi. Huyu hawezi kurudishwa mlangoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba ukarimu una mpaka wake. Mwenye jamaa ndiye anayepaswa kumuuliza mgeni, kwa upole na katika siku ya kwanza, atakaa hadi lini. Kazi hiyo ikiachiwa mkwe au shemeji, huonekana chuki.

Mapatano pia huvunjika upande mmoja unapoyageuza kuwa silaha. Mpenda faragha akikataa hiari zote na kulalamikia hata wajibu, mwenzake huanza kudanganya kuhusu alikokuwa. Mpenda watu akizoea kusema “ni mara hii tu” kila wiki, mwenzake huacha kuamini lolote. Dalili ya mapema ni mtu kujua kuhusu mwaliko kutoka kwa jirani badala ya mwenziwe.

Mtaalamu wa ndoa wa Marekani, John Gottman, alikadiria kwamba takriban asilimia 69 ya migogoro ya mume na mke haimaliziki kabisa, kwa kuwa chanzo chake ni tofauti za tabia. Mvutano kuhusu wageni ni mmoja wa hiyo. Wanaodumu hujifunza kuuzungumza tena na tena bila kutusiana.

Kuna mambo mawili ambayo hayapaswi kufunikwa kwa jina la faragha. La kwanza ni mtu aliyezoea kupenda watu ambaye, kwa wiki mbili au zaidi, amepoteza hamu ya karibu kila kitu, halali vyema na hali vyema. Hiyo yaweza kuwa sonona, na anahitaji kuonwa na daktari. La pili ni mtu anayemkataza mwenzake kuonana na ndugu na marafiki zake mwenyewe. Mpenda faragha wa kweli huomba kubaki nyumbani. Hamfungii mwenziwe mlango.

Kule Umoja, mke bado hukunja uso simu ya mumewe inapolia Ijumaa asubuhi. Ila siku hizi simu hiyo hufuatwa na swali: “Mama watoto, leo niwalete au tukutane huko nje?”