Optokapla: daraja la mwanga ndani ya mashine ya vifaranga

Mashine nyingi za kutotolesha vifaranga zina umeme wa aina mbili ndani yake. Balbu ya joto hutumia volti 230, lakini chipu inayopima joto na kuamua balbu iwake au izime hutumia volti 5 tu. Volti 230 zikivuka kuingia upande wa chipu, mashine huungua, na anayegusa vitufe anaweza kupigwa na umeme.

Kinachotenganisha pande hizo ni kipande cheusi chenye miguu sita, optokapla. Ndani yake mna taa ndogo sana, na mbele yake swichi inayofunguka ikimulikwa. Kinachovuka ni mwanga tu, hakuna waya. Kwa mfano, optokapla yenye maandishi MOC3041 hustahimili zaidi ya volti 4,000 kwa dakika moja kati ya pande zake. Swichi hiyo nayo huamsha swichi kubwa inayobeba umeme wa balbu.

Optokapla hii haina haraka. Hungoja umeme upite kwenye sifuri ndipo iwashe, na umeme wetu hupita hapo mara 100 kwa sekunde. Hivyo inaweza kuchelewa hadi sehemu moja ya mia ya sekunde. Kwa balbu ya joto, hilo halina madhara. Kwa kazi ya kupunguza mwanga wa balbu kidogo kidogo, haifai.

Tatizo kubwa ni uzee. Taa ya ndani hufifia kadiri inavyotumika, hasa penye joto na ikipewa umeme mwingi. Tuchukue mfano. Mtengenezaji wa MOC3041 anataka taa ipewe miliampia 15 ili swichi ifunguke kwa uhakika. Fundi ameweka rezista ya omu 330. Taa hula volti 1.2, zinabaki 3.8. Gawanya kwa 330, unapata miliampia 11.5. Optokapla ikiwa mpya huenda ikafanya kazi, kwa kuwa nyingi huhitaji pungufu ya 15. Taa ikishafifia kidogo, balbu huanza kukataa kuwaka, na mayai hupoa usiku.

Dalili yake ni hii: kioo kinaonyesha mashine inaita joto, balbu ni nzima, lakini haiwaki, au inawaka mara moja moja. Fundi akiweka optokapla mpya na balbu ikawaka, chanzo kimepatikana. Ila akirudisha ya aina ileile, tatizo litarudi. Afadhali aweke MOC3043, inayohitaji miliampia 5 tu. Miliampia 11.5 zitakuwa zaidi ya maradufu, na taa itakuwa na akiba ya kuzeeka nayo.

Kamwe asiunganishe waya kuruka optokapla ili balbu iwake. Hapo volti 230 zitafika kwenye vitufe.