Kutafuta simu iliyopotea kwa huduma ya mahali

Kutafuta simu kwa huduma ya mahali ni kuangalia kwenye ramani, kwa kutumia simu nyingine au kompyuta, mahali ilipo simu iliyopotea au kuibwa. Kwa simu za Android huduma hiyo ni ya Google. Ilianza mwaka 2013, na tangu 2025 inaitwa Find Hub. Mwenye simu hufungua android.com/find na kuingia kwa akaunti ileile iliyomo kwenye simu iliyopotea.

Ramani haiifuati simu yenyewe. Simu hujipima ilipo kwa satelaiti, kwa waifai za jirani au kwa minara, kisha huituma taarifa hiyo kwa intaneti. Ikikosa intaneti, kinachobaki kwenye ramani ni nukta ya zamani yenye saa iliyotumwa. Watu wengi huiona nukta wakakimbilia huko bila kusoma saa. Duara linaloizunguka nukta nalo lisomwe: likiwa dogo, vipimo vinakaribiana na ukweli, likimeza mitaa miwili, ujue simu ilikisia kwa minara tu.

Saa ikiwa ya zamani, hatua ya kwanza ni kuipigia simu hiyo. Ikiita, imewaka na laini imo ndani. Kilichokosekana huenda ni data tu. Ikiwa haipatikani, inaweza kuwa imezimwa, imeishiwa chaji, imetolewa laini au iko pasipo na mtandao.

Chukua mfano wa abiria aliyepanda daladala Banana, Dar es Salaam, akashuka Buguruni saa 2:10 asubuhi, gari likaendelea kwenda Mawasiliano. Anagundua hana simu. Kwa simu ya mwenzake anaona nukta iko Tazara, saa 1:50. Angeweza kurudi Tazara kuulizia madukani. Badala yake anapiga: inaita, haipokelewi. Hapo anakumbuka kwamba jana, saa 1:50 asubuhi, alinunua bando la saa 24, na salio la kawaida hakuwa nalo. Kwa hiyo Tazara sipo ilipodondokea. Ni pale bando lilipokata. Mwenzake anainunulia namba yake bando dogo kwa pesa za simu. Dakika chache baadaye nukta inahamia kituo cha Mawasiliano. Anachukua bodaboda, na akiwa kituoni anabonyeza kitufe cha kuipigisha mlio. Simu inalia kwa sauti ya juu hata kama iliwekwa kimya, tena hadi dakika tano, na kondakta anaikuta imezama kati ya siti ya nyuma na bodi ya gari.

Njia hii ya kununua bando hufanya kazi tu kama laini bado imo na data haikuzimwa. Ndiyo maana uamuzi wa kufunga laini una uzito. Simu iliyosahaulika ikiita, ifunge kwanza skrini kwa mbali, uweke ujumbe na namba nyingine ya kupigiwa, halafu endelea kuitafuta. Ikiwa imekwapuliwa, laini na akaunti ya pesa zifungwe papo hapo, hata kama nukta itabaki palepale. Kwa maoni ya mwandishi, salio la M-Pesa halifai kuwekwa rehani kwa ajili ya ramani.

Kufuta kila kitu kwa mbali kuachwe mwisho kabisa. Simu ikishafutwa haionekani tena kwenye ramani, na ikiwa haina mtandao, amri husubiri hadi itakapounganishwa.

Simu isiyopatikana kabisa huenda bado ikaonekana. Android 9 na kuendelea zinaweza kugunduliwa na simu nyingine za Android zinazopita karibu, lakini mpangilio huo, pamoja na Bluetooth, lazima uwe uliwashwa kabla. Kikwazo kingine hutokea kwenye kuingia: Google ikituma namba ya uthibitisho kwenye simu ileile iliyopotea, mwenyewe anafungiwa nje. Dawa yake ni zile namba 10 za akiba zinazotolewa na akaunti, zikiandikwa kwenye karatasi mapema.

Nukta mpya ikitokea ndani ya nyumba ya watu, usigonge mlango peke yako. Duara haliwezi kutofautisha chumba na chumba wala ghorofa na ghorofa, na asiye na hatia anaweza kuitiwa mwizi. Nenda polisi na namba ya IMEI, yenye tarakimu 15, iliyoandikwa kwenye boksi la simu. Kwa simu uliyonayo mkononi sasa, itaonekana ukibonyeza:

```
*#06#
```

Siku za baadaye huenda ukapokea ujumbe wenye kiungo ukidai simu imepatikana, uingize nywila. Usikifungue. Android tangu toleo la 5.1 huomba akaunti ya mwenyewe, au namba yake ya kufungulia skrini, baada ya kufutwa kwa nguvu, na anayeandika ujumbe huo anatafuta nywila hiyo ili aiuze simu.